Kabla hujasema aspirini imeharibika, pima KBr tupu

Aspirini safi ukiipima kwa infraredi, utaona vilele viwili vikubwa vya kabonili: cha esta karibu na namba-wimbi 1750 cm⁻¹ na cha asidi karibu na 1690. OH ya asidi haichongoki. Inatanda kama mgongo mpana kutoka kama 3300 hadi 2500.

Wanafunzi wanaopita maabara yetu mara nyingi huniletea chati yenye uvimbe karibu na 3430, na tayari wameshaamua: aspirini imevunjika, imebaki asidi ya salisiliki. Mimi huwaomba kwanza watengeneze kidonge cha KBr peke yake, yaani bromidi ya potasiamu, chumvi tunayochanganya na sampuli, na kukipima. Uvimbe ukionekana hata humo, pamoja na mwingine mdogo karibu na 1640, hayo ni maji. Asidi ya salisiliki hujitambulisha kwingine: OH ya fenoli hutokea karibu na 3240, na kabonili yake hushuka hadi karibu na 1660, kwa kuwa imeshikana na OH ya jirani ndani ya molekuli ileile.

KBr hunyonya unyevu, na sisi wa pwani tunaujua unyevu. Ikaushe kwenye oveni ya 110 °C, kisha itunze kwenye chombo cha kukaushia chenye silika jeli. Chukua miligramu 1 hadi 2 za sampuli kwa miligramu 200 za KBr. Saga sampuli kwanza, peke yake, kwenye kinu cha agati mpaka ulaini wake uonekane kama unang'aa ukutani mwa kinu. Ndipo uongeze KBr na kuchanganya kwa haraka, maana kadiri unavyoendelea kusaga ndivyo inavyovuta maji ya hewani. Kwa kalibu ya milimita 13, nguvu ya tani 8 hadi 10 kwa dakika mbili hivi hutosha, na pampu ya kuvuta hewa ikiwapo itumie. Kidonge kizuri hupitisha mwanga. Kikiwa na ukungu na mstari wa msingi wa chati umeinama upande wa namba-wimbi kubwa, chembe ni kubwa mno na zinatawanya mionzi: saga upya. Vilele vikigonga sakafu ya chati, punguza sampuli.

Mkiwa na ATR ya almasi, kifaa kinachopima unga uliobanwa moja kwa moja juu ya kristali, hapo hakuna KBr ya kuleta maji. Safisha kristali kwa isopropanoli, iache ikauke, pima usuli, weka unga kidogo, kisha kaza mkono wa kubana hadi vilele viache kukua. Mionzi huingia kwenye sampuli mikroni moja au mbili tu, hivyo unga usiogusa almasi hauonekani kabisa. Kina hicho hupungua namba-wimbi zikipanda, ndiyo maana vilele vya OH na CH huonekana vifupi kuliko kwenye kidonge. Vingine, hasa vile vikali, husogea kidogo kuelekea namba-wimbi ndogo. Kwa hiyo chati ya ATR ilinganishe na rejea ya ATR, na ya kidonge na ya kidonge.