Sifuri nyingi kwenye ziara za kliniki

“Wastani ni ziara 2 kwa mwaka, ila asilimia 45 hawajakanyaga kliniki kabisa. Nitumie modeli ya sifuri za ziada?”

Usikimbilie huko. Poisoni yenye wastani wa 2 inatarajia sifuri asilimia 14 tu, kwa hiyo mdau wa juu yuko sahihi kuikataa. Ila hajajaribu binomia hasi: theta ikiwa 0.5, unapata (0.5/2.5)^0.5 = 0.447, karibu zote 45 bila kuongeza chochote.

Modeli ya sifuri za ziada inadai kuwepo watu wasioweza kuja kabisa, kama wanaume waliohesabiwa kwenye kliniki ya wajawazito. Lakini kuugua kunampata yeyote. Ziara ya kwanza mgonjwa huamua mwenyewe, za kurudi mara nyingi hupangiwa na daktari, ndiyo maana mimi ningelinganisha binomia hasi na modeli ya hatua mbili, kwanza kuja au kutokuja, kisha mara ngapi, iliyo kwenye kifurushi cha R kiitwacho pscl:

```r
hurdle(ziara ~ umri + bima, data = d, dist = "negbin")
```

Angalia AIC, pia idadi ya waliokuja mara 1 na 2, si sifuri pekee. Kama umbali unawafungia wengine njia moja kwa moja, hesabu hizi peke yake hazitakuonyesha; itabidi uwaulize.

Dada uliyeuliza modeli ya kuhesabu miadi iliyokoswa, lako ni tofauti: idadi ya miadi unaijua, tumia binomia ya kawaida.