Faili zako zimo ndani ya Android/data: jinsi ya kuzitoa kwa njia halali

Ukifungua folda ya Android/data kwenye simu yenye Android 11 au toleo jipya zaidi, ukaambiwa ni tupu au huruhusiwi kuingia, usidhani faili zimefutika. Zipo palepale. Kidhibiti faili unachotumia ndicho kilichonyimwa ruhusa ya kuziona.

Zamani programu yoyote uliyoiruhusu kusoma hifadhi ya simu iliweza kusoma karibu kila kitu humo: picha zako, nyaraka zako, hata faili ambazo programu nyingine zimejiwekea. Programu ya tochi iliyopewa ruhusa hiyo iliweza kupekua mafaili ya programu usiyotaka iguswe, nawe usijue. Android 10, mwaka 2019, ilianza kuweka mipaka, na Android 11 mwaka uliofuata ikaikaza: kila programu ina chumba chake ndani ya Android/data, na jirani haingii. Binafsi naunga mkono uamuzi huo, hata kama unatuchelewesha.

Kuna jambo moja naomba ulishike. Programu za kusimamia faili huomba ruhusa iitwayo "All files access", na watu huikubali wakitumaini Android/data itafunguka. Haifunguki. Ruhusa hiyo inafungua picha, nyaraka na vipakuliwa vyako, lakini vyumba vya programu nyingine vinabaki vimefungwa. Kwa hiyo programu usiyoijua ikikuahidi kufungua Android/data kwa ruhusa hiyo peke yake, ikatalie.

Dada yangu alinijia na shida ya namna hii. Alikuwa na rekodi za mahojiano kwenye programu ya kunasa sauti, akataka kuhamia simu mpya. Alikuwa karibu kuiondoa ile programu aisakinishe upya, nikamzuia. Ukiondoa programu, chumba chake ndani ya Android/data hufutwa pamoja nayo. Kitufe cha "Clear data" nacho hufanya vivyo hivyo. Basi kwanza toa faili, mengine baadaye.

Anza na programu yenyewe. Tafuta neno "Export", "Share" au "Save to" kwenye menyu zake, kwa sababu mwenye chumba ndiye mwenye haki kamili ya kukitoa kilichomo. Programu ya dada ilikuwa na "Share", ila ilituma rekodi moja moja, naye alikuwa nazo nyingi mno.

Tukachomeka waya wa USB kwenye kompyuta, tukachagua "File transfer" kwenye arifa iliyotokea simuni. Kwa simu nyingi hapo ndipo kazi inapoishia: unafungua Android, kisha data, kisha folda yenye jina la kifurushi cha programu, na unanakili. Kwenye simu yake folda ilionekana tupu, tukahamia adb, zana ya bure inayotolewa na Google kwa ajili ya kompyuta.

Simuni, fungua "About phone" na uguse "Build number" mara 7, kisha washa "USB debugging" ndani ya "Developer options". Kwenye kompyuta andika:

```
adb devices
adb shell pm list packages -3
```

Ukiona neno `unauthorized`, tazama kioo cha simu: kuna swali linalosubiri ukubali kompyuta hiyo. Amri ya pili inaorodhesha programu ulizosakinisha, nawe unatafuta jina la unayoihitaji. Tuseme ni `com.mfano.sauti`:

```
adb shell ls /sdcard/Android/data/com.mfano.sauti/files
adb pull /sdcard/Android/data/com.mfano.sauti/files
```

Amri ya `pull` inanakili tu, haifuti chochote simuni. Rekodi zote zilishuka kwenye kompyuta kwa mkupuo mmoja. Tulilinganisha idadi ya faili pande zote mbili, tukasikiliza chache mwanzo hadi mwisho, ndipo akaiondoa programu. Ukimaliza, zima "USB debugging", kwa sababu ni mlango usiofaa kuachwa wazi.

Kwa picha na sauti za WhatsApp huhitaji lolote kati ya haya. Ziko Android/media/com.whatsapp, na folda ya media haikufungwa kama data. Kidhibiti faili cha kawaida kinaingia.

Amri ya `ls` ikijibu `No such file or directory` ilhali jina umeliandika sawasawa, huenda programu inaweka vitu vyake /data/data, hifadhi ya ndani kabisa. Huko adb ya kawaida haifiki. Rudi kwenye "Export" ya programu yenyewe, na kama haina, waandikie watengenezaji wake kabla hujaiondoa.