Moto wa ndotoni: ni hasira, utakaso au maangamizi?

Swali: Nimeota mara tatu nyumba yetu ikiteketea huku mimi nimesimama nje bila kuungua. Mfasiri wa kwanza aliniambia ni hasira ya mtu anayenichukia, wa pili akasema ni utakaso, na wa tatu akasema ni maangamizi, akataka nifanyiwe kisomo kwa malipo kabla ya siku saba kwisha. Mimi ni Mwislamu na mke wangu ni Mkristo. Nani kati yao yuko sahihi?

Jibu: Katika maelezo yako sioni mahali ambapo hata mmoja wao alikuuliza swali. Hawakutaka kujua moto ulianzia wapi, kama ulikuwa na moshi au mwanga mtupu, wewe uliogopa au ulitazama kwa utulivu, wala siku hizo mchana ulikuwa ukishughulika na nini. Mfasiri anayetoa maana kabla ya kuuliza hafasiri ndoto yako, bali anasoma orodha aliyoikariri, na orodha hizo ndizo zinazonichosha kuliko jambo lolote katika kazi hii. Wanaozieneza hupenda kuzinasibisha na Ibn Sirin, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 110 wa Hijria, yaani 729, ilhali wachunguzi wengi wanakubaliana kwamba kitabu mashuhuri cha tafsiri ya ndoto kinachobeba jina lake hakikuandikwa naye, bali kilikusanywa karne nyingi baadaye. Hata vitabu hivyo vya kale, ukivisoma kwa uangalifu, haviupi moto maana moja: moto wenye kishindo na moshi huelekezwa kwenye fitina, wenye mwanga usiodhuru kwenye uongofu au elimu, na ule ambao mtu anajipasha joto kwao huelekezwa kwenye manufaa.

Tuanze na hasira. Uhusiano wake na moto una asili katika hadithi iliyomo katika mkusanyo wa Abu Daud, ingawa baadhi ya wanazuoni wameidhoofisha, isemayo kwamba hasira hutoka kwa shetani, shetani ameumbwa kwa moto, na moto huzimwa kwa maji, basi aliyekasirika na atawadhe. Zingatia anayeambiwa atawadhe ni nani. Ni yule mwenye hasira mwenyewe, naye yu macho. Hadithi haisemi lolote kuhusu ndoto, wala haimwambii mtu atafute hasira iliyomo kifuani mwa mwingine. Kwa hiyo mfasiri wako wa kwanza, kama kweli alitaka kushika njia hiyo, alipaswa kukuuliza ni nani ndani ya nyumba yako ambaye wewe umemkasirikia, badala ya kukutuma ukahesabu maadui.

Utakaso nao una msingi, hasa katika Biblia anayoisoma mkeo. Malaki 3 inamfananisha Bwana na moto wa asafishaye fedha, lakini moto wa namna hiyo huondoa taka na kuiacha fedha, na Hesabu 31:23 inaagiza kupitishwa motoni vile tu vinavyoweza kuustahimili. Nyumba iliyoteketea yote haifanani na fedha iliyosafishwa. Andiko lililo karibu zaidi na ulichokiona ni 1 Wakorintho 3:15, ambapo kazi ya mtu inateketea naye mwenyewe anaokolewa kama kwa moto; hata hivyo, Paulo alikuwa akizungumzia wanaojenga juu ya msingi wa kanisa na jinsi kazi yao itakavyopimwa, si paa la nyumba ya mtu. Kulinyofoa andiko hilo na kulibandika juu ya ndoto ni kosa lilelile la orodha, isipokuwa limevishwa vazi la Maandiko.

Kuhusu maangamizi nitakaa zaidi, kwa sababu hapo ndipo watu wanapotishwa. Ipo ndoto ya moto iliyosimuliwa katika Bukhari, nayo ni ya kutisha kuliko yako. Abdullah bin Umar, akiwa kijana aliyekuwa akilala msikitini, aliota malaika wawili wakimchukua na kumpeleka kwenye Moto wenyewe, akauona umejengwa kama kisima, na ndani yake wamo watu anaowajua. Akawa anajikinga kwa Mwenyezi Mungu, hadi malaika mwingine akamwambia asiogope. Alimsimulia dada yake Hafswa, naye akamsimulia Mtume. Jibu alilopata lilikuwa kwamba Abdullah ni mtu mwema, laiti angekuwa akisali usiku. Hakutangaziwa msiba wala hakutajiwa adui, na hakuna aliyemwekea muda au kumdai malipo. Moto ule ule ambao mfasiri wa leo angeuita hukumu ulisomwa kama kichocheo cha ibada moja mahususi ambayo kijana huyo angeweza kuianza usiku uleule, na inasimuliwa kwamba tangu hapo hakuwa akilala usiku ila kidogo.

Upande wa Biblia, ndoto ya Danieli katika sura ya 7 ina mto wa moto utokao mbele ya kiti cha enzi, na anayeteketezwa ni mnyama, si Danieli. Aliyeota alifadhaika sana, lakini kufadhaika kwake hakukumfanya kuwa ndiye anayehukumiwa. Nawe ulikuwa nje, huungui, na wafasiri wako wote watatu waliipita habari hiyo.

Hukumu yangu, kwa kadiri ulivyoeleza, ni kwamba hakuna anayeweza kudai kwa haki kuwa ndoto yako ni ujumbe. Hadithi iliyomo katika mkusanyo wa Muslim inazigawa ndoto mara tatu: bishara njema kutoka kwa Mwenyezi Mungu, huzuni itokayo kwa shetani, na yale ambayo nafsi inajisemesha. Ndoto inayorudi ikiwa na mandhari yaleyale mara nyingi huwa ya kundi la tatu, kwa hiyo chunguza kwanza kama kuna hofu ya mchana juu ya nyumba hiyo, iwe ya deni, ugomvi au urithi. Ikiwa uliwahi kunusurika moto wa kweli, jinamizi la namna hii ni jambo linalojulikana kwa madaktari na wanasaikolojia, nao wana njia za kulitibu. Ama ndoto ya kuchukiza, mafundisho ni kujikinga kwa Mwenyezi Mungu na shari yake, kutema mate kidogo kushotoni mara tatu, kugeuka ubavu mwingine na kutoisimulia. Wewe umeisimulia kwa watu watatu, na matokeo yake unayaona.

Ninalowaonya wasomaji wote ni yule anayeweka muda. Yusufu, ambaye dini zenu zote mbili zinamkubali kuwa mfasiri, aliwaambia wafungwa wenzake, mnyweshaji na mwokaji wa Farao, kwamba ndoto zao zingetimia ndani ya siku tatu, kama ilivyo katika Mwanzo 40, lakini siku hizo zilitoka ndani ya ndoto zao wenyewe, katika matawi matatu ya mzabibu na vikapu vitatu vya mikate. Siku saba zako zimetoka wapi, ikiwa ndotoni hukuona saba yoyote? Isitoshe, Yusufu alipomwambia mwokaji kwamba atauawa, hakumuuzia kinga. Na kwa mnyweshaji, ambaye habari yake ilikuwa njema, alichoomba ni kukumbukwa tu mbele ya Farao.