Uwiano wa ukwasi umepanda, mbona nakosa alama?

"Hesabu za uwiano napata zote, ila kwenye maelezo napewa alama 1 kati ya 4. Nikiandika 'ukwasi umeongezeka' nakosea wapi?"

Ndugu, ukwasi ni uwezo wa kampuni kulipa madeni yake ya muda mfupi. Wewe umetaja namba ilikoelekea, hujataja sababu wala athari. Tuseme mali za muda mfupi ni milioni 24 na madeni ya muda mfupi milioni 10. Ukigawanya, uwiano ni 2.4, mwaka jana ulikuwa 1.5. Sasa ondoa bidhaa za ghalani, milioni 18: zinabaki milioni 6, na uwiano unakuwa 0.6, kutoka 0.9 mwaka jana. Hapo andika: "Huenda bidhaa zimerundikana bila kuuzika, hivyo kampuni inaweza kushindwa kuwalipa wadai kwa wakati."

Lakini soma swali kwanza uone ni biashara ya aina gani. Supamaketi inayouza kwa taslimu huendesha mambo vizuri tu hata kwa 0.6.