Meseji ya Jumapili jioni: kumkumbusha mzazi dawa bila bando

Mama anaishi Kariobangi, mimi Lang'ata, na simu yake ni kabambe. Yangu ina WhatsApp, lakini bando likiisha katikati ya wiki haina tofauti na yake. Kwa hiyo mambo ya dawa zake za presha tumeyaweka kwenye meseji za kawaida, ambazo hazihitaji intaneti upande wowote.

Wengi wakianza hutuma meseji kila siku: "Mama, umekunywa dawa?" Mimi nakushauri usifanye hivyo. Kuna utafiti uliofanywa Chulaimbo, karibu na Kisumu, kwa watu wanaotumia ARV, ukachapishwa 2011. Waliopata meseji mara moja kwa wiki walizingatia dawa vizuri zaidi, lakini waliotumiwa kila siku hawakuonyesha nafuu hiyo. Huenda mtu akizoea meseji hazisomi tena. Utafiti mwingine, uliochapishwa 2010 kutoka kliniki za Nairobi na Kajiado, ulituma neno moja kila wiki: "Mambo?" Mgonjwa alijibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48, na asiyejibu alipigiwa simu. Waliokuwa wakizingatia dawa walikuwa 62 kwa kila 100, na 50 kwa kila 100 kwa wale wasiotumiwa meseji. Tena "Mambo?" haimwambii jirani aliyeazima simu kwamba mwenyewe anaumwa nini.

Basi ukumbusho wa kila siku niliuachia alamu ya kabambe yenyewe. Nenda umwekee siku ukimtembelea: alamu ya kujirudia, saa ile anayokunywa chai ya asubuhi. Haitaki mtandao wala kredo. Meseji inabaki na kazi ya swali la wiki.

Swali hilo naliandaa mwanzo wa mwezi. Kwenye programu ya Messages ya Google, andika meseji, kisha badala ya kugusa alama ya kutuma, ibonyeze na kuishikilia hadi ikupe nafasi ya kuchagua siku na saa. Nachagua Jumapili, 7:00 PM. Haina njia ya kujirudia yenyewe kila wiki, kwa hiyo naandika za Jumapili zote za mwezi kwa mkupuo mmoja. Ikifika saa yake, simu yako lazima iwe imewaka, ina mtandao wa simu na ina kredo au meseji za bando. Hapo ndipo mpango wa wengi hukwama: simu imezima chaji Jumapili jioni, na mtumaji anadhani imeshatumwa.

Kama unayemtumia ana simjanja ambayo data huja na kwenda, fungua mipangilio ya Messages uzime "RCS chats". Ukiiacha, meseji inaweza kupita njia ya intaneti na kumngoja huko mpaka apate data. Meseji ya kawaida ikikuta simu imezimwa, hutunzwa na mtandao kwa muda na kuingia ikiwashwa.

Maneno yangu ni haya: "Mama, dawa zinatosha hadi Jumapili ijayo? Jibu SAWA au SHIDA." Wiki ya kliniki naongeza: "Kliniki Alhamisi saa 2 asubuhi. Beba kadi na dawa zilizobaki." Usimwandikie 8:00, ataenda saa nane. Meseji moja hubeba herufi 160, ila ukitia emoji hata moja nafasi inashuka hadi 70, na ukipita hapo unalipia mbili. Ile alama ya kwenye ng' nayo, ikiwa ya kujipinda kama inavyotoka kwenye maandishi ya kunakili, huleta hasara hiyo hiyo.

Akikosa kredo ya kujibu hutuma ile ya bure ya kuomba apigiwe. Tumekubaliana hiyo ni SHIDA. Hadi Jumanne jioni kukiwa kimya, napiga. Kuna wiki alijibu SHIDA, nikapiga, kumbe alikuwa anakata vidonge nusu ili vifike tarehe ya kliniki. Swali la "umekunywa?" lingejibiwa "ndiyo", na lingekuwa jibu la kweli. Ndiyo maana nauliza kama zinatosha.

Kimya kingine hakitoki kwake. Kabambe nyingi zina nafasi chache za meseji, na risiti za M-Pesa pamoja na matangazo huzijaza upesi. Ikijaa, mpya haziingii, na juu ya kioo kuna kibahasha kinachomulika. Washa "Get SMS delivery reports" kwenye mipangilio ya Messages. Ripoti isipokuja na ukimpigia simu yake inaita vizuri, mwambie mjukuu aliye karibu afute za zamani.