Nimesoma meseji za mchumba wangu

"Niko Moshi. Mchumba wangu alianza kuchelewa kurudi, nikaogopa kuachwa. Jumapili akiwa anaoga nilifungua simu yake nikasoma meseji zake na dada mmoja wa kazini kwake. Sikukuta kitu. Nimwambieje?"

Dada, mwambie mkiwa wawili tu, si ndani ya daladala ya Kiborloni. Anza na tendo lenyewe: "Jumapili nilisoma meseji zako na yule dada wa kazini. Nimekukosea, nisamehe." Kisha nyamaza, hata akikasirika. Hofu ieleze baadaye, akiuliza kwa nini. Ikitangulia, ataisikia kama shutuma. Iseme kuwa ni yako: "Ulipoanza kuchelewa kurudi niliogopa kuachwa, nikashindwa kukuuliza." Hilo la kutokukuta kitu usilifanye utetezi, maana litamuumiza: atajua ulishamhukumu. Akibadilisha namba ya siri, mwache. Na msamaha usiudai usiku huohuo.