Wasifu wa mfamasia kwenye tovuti ya kliniki: andika kinachoweza kuhakikiwa

Mgonjwa anayesoma ukurasa wa wahudumu wa kliniki ana maswali machache kuhusu mfamasia. Nani amemruhusu kutoa dawa? Amezoea kuhudumia wagonjwa wa aina gani? Nikiwa na swali kuhusu dawa zangu, nitalipeleka wapi na saa ngapi? Wasifu ukijibu hayo kwa maneno ambayo mtu anaweza kuyahakiki, unatosha. Ukianza kusifu, msomaji anaona tangazo.

Chukua mfano wa kliniki ya kawaida ya wagonjwa wa nje hapa Tanzania, ambayo kwenye tovuti yake imeandikwa hivi:

*"Ni mfamasia bingwa mwenye uzoefu mkubwa wa zaidi ya miaka 10. Anawajali wagonjwa wake na kuwapatia huduma bora ya viwango vya kimataifa."*

Tuseme aliingia chuo kikuu 2011, akahitimu Shahada ya Famasia 2015, akamaliza mwaka wa mafunzo kazini na kusajiliwa 2016. Kama maneno hayo yaliandikwa 2022, basi aliyeyaandika alihesabu tangu mwaka wa kwanza chuoni. Akitokea mtu wa kuulinganisha wasifu na mwaka wa usajili, hesabu haikubali, na hapo hata yale ya kweli yanaanza kutiliwa shaka. Andika "anatoa dawa tangu 2016". Sentensi hiyo haihitaji kurekebishwa kila mwaka mpya ukiingia.

Neno "bingwa" nalo ni tatizo. Kwa mgonjwa wa hapa nchini, daktari bingwa ni yule aliyesomea ubingwa juu ya shahada ya kwanza. Mfamasia mwenye shahada ya kwanza akiitwa bingwa, amepewa elimu asiyokuwa nayo. Vivyo hivyo "Dk." mbele ya jina la mfamasia asiye na shahada ya uzamivu: wagonjwa dirishani watamwita daktari kwa mazoea, na hilo halina neno, lakini tovuti ya kliniki haipaswi kuyaandika mazoea hayo kama cheo.

Zito zaidi ni kumwandika fundi dawa sanifu kuwa mfamasia. Chini ya Sheria ya Famasi ya 2011, Baraza la Famasi linasajili wafamasia na kuwaandikisha mafundi dawa katika kada zao, kila kada na mipaka yake ya kazi. Mwenye stashahada anayefanya kazi nzuri aandikwe fundi dawa sanifu, waziwazi, pamoja na jina la mfamasia anayemsimamia.

Ukishapata cheo sahihi, nenda kwenye usajili na leseni. Hivi ni vitu viwili. Usajili unamwingiza mtu kwenye orodha ya wafamasia, na namba yake haibadiliki. Leseni ya kutoa huduma huhuishwa kila mwaka. Kwa hiyo namba ya usajili na mwaka wake zinaweza kukaa kwenye tovuti muda mrefu, lakini maneno "ana leseni hai" yanakuwa uongo siku leseni inapoisha bila kuhuishwa. Ukiyaandika, weka chini yake mwezi na mwaka ambao taarifa ilihakikiwa, na mpe mtu mmoja wa utawala jukumu la kuangalia leseni mpya kabla ya kubadilisha tarehe hiyo. Kibali cha jengo la famasi ni cha jengo na mmiliki wake, kisiwekwe kwenye wasifu wa mtu.

Usipandishe picha ya cheti wala ya leseni. Nakala yenye sahihi na muhuri ni malighafi ya mtu anayetaka kughushi, na mgonjwa haimsaidii kuliko namba iliyoandikwa vizuri. Namba binafsi ya simu ya mfamasia pia isiwekwe, iwekwe ya kliniki.

Kwenye uzoefu wa kutoa dawa, watu wengi huorodhesha majina ya hospitali na kuishia hapo. Mgonjwa hajui ulifanya nini huko. Kukaa bohari ya dawa ukipokea na kuhesabu makasha ni kazi muhimu, ila haikufundishi mambo yale yale unayojifunza ukikaa dirishani ukisoma vyeti vya daktari. Taja ulikuwa upande gani, na wagonjwa walikuwa nani: watoto, wajawazito, wenye kisukari na shinikizo la damu, wanaotumia ARV. Halafu taja jambo moja unalofanya kabla dawa haijatoka. Kwa mfano, cheti cha mtoto kikija bila uzito, mfamasia humpima kwanza, na dozi iliyoandikwa ikizidi inayofaa uzito huo, humpigia daktari aliyeandika. Sentensi moja kama hiyo inamweleza mama kwa nini wakati mwingine anasubiri dakika kumi zaidi.

Ushauri kwa mgonjwa ndiyo sehemu inayoharibika kwa maneno ya jumla. "Hutoa elimu ya matumizi sahihi ya dawa" inaweza kubandikwa kwa mfamasia yeyote. Chagua huduma mbili au tatu anazozifanya kweli, uzieleze kama mgonjwa atakavyoziona. Mwenye pumu anaonyeshwa inhela kisha anaombwa aitumie mwenyewe, kwa sababu wengi hubonyeza kabla hawajaanza kuvuta pumzi, na dawa inaishia mdomoni. Mzazi aliyepewa amoksisilini ya unga anaonyeshwa maji yanafika alama gani kwenye chupa, anapewa kipimo cha mililita badala ya kutegemea kijiko cha jikoni, na anaandikiwa juu ya chupa tarehe ya kuacha kuitumia. Kama kliniki haina kona ya pembeni ya kuzungumzia, neno "faragha" lisiandikwe. Mgonjwa atakayesomewa dawa zake za ARV mbele ya foleni atakumbuka tovuti iliahidi nini.

Majina ya kibiashara ya dawa yaache nje. Dawa za cheti haziruhusiwi kutangazwa kwa umma, na hata picha ya mfamasia mbele ya rafu yenye makasha ya kampuni moja inasomeka kama tangazo. Apigwe picha kwenye ukuta mtupu, akiwa na kitambulisho chake cha kazi. Shukrani za wagonjwa pia ziache, hata zisizo na majina. Kwenye kliniki ya mtaa, ugonjwa na mwezi vinatosha kumtambulisha mtu.

Baada ya kusafishwa, wasifu ule unaweza kusomeka hivi:

*"Ni mfamasia, Shahada ya Famasia 2015. Amesajiliwa na Baraza la Famasi tangu 2016. Namba ya usajili iko chini ya ukurasa huu. Kuanzia 2016 hadi 2021 alitoa dawa kwenye dirisha la wagonjwa wa nje la hospitali ya wilaya, zaidi kwa watoto na wenye kisukari. Yuko kliniki hii tangu 2021. Dozi ikiwa na mashaka, huwasiliana na daktari aliyeandika kabla ya kutoa dawa. Hufundisha matumizi ya inhela na sindano ya insulini, na hupitia dawa zote za mgonjwa anayetumia zaidi ya aina nne; njoo nazo kwenye mifuko au makasha yake. Anapatikana Jumatatu hadi Ijumaa, saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Anazungumza Kiswahili na Kisukuma. Hapimi ugonjwa wala habadilishi dawa bila daktari."*

Sentensi ya mwisho wengine huiogopa, wakidhani inampunguza. Iacheni ibaki. Inamwokoa mgonjwa anayetaka kumpigia mfamasia badala ya kuja kupimwa. Kabla ya kupandisha wasifu, mfamasia mwenyewe ausome mstari kwa mstari akiwa na cheti chake mkononi, autie sahihi, na nakala hiyo ibaki kwenye jalada lake la utumishi.